Cheti Ambacho Hakuna Aliyekiona Kikiungua

Miaka niliyokuwa nachapa karatasi za watu Buyenzi, katika chumba cha mbele kilichotazama barabara, nilizoea kwamba mtu aliyepotelewa na cheti huja na hadithi ndefu na hutaka yote iingie kwenye karatasi. Nilikuwa nikimwacha aseme mpaka amalize. Hadithi ina kazi yake, na mtu akishaitua roho hutulia. Lakini sehemu kubwa ya aliyoyasema haikuwa na nafasi katika hati ya kiapo, na kazi yangu ilikuwa kutafuta kile kidogo kilichobaki.

Kwa diploma za hapa Burundi kazi hiyo ilikuwa nyepesi. Aliyepotelewa huenda kwa afisa wa polisi wa upelelezi, yule ambaye mjini wote tunamwita opeje, anaeleza kilichopotea, na afisa ndiye anayeandika. Mtu anatoka na karatasi yenye muhuri inayoitwa atestasyo ya kupotelewa, anaipeleka kwa aliyemtolea diploma. Maneno ni ya ofisi. Wewe unajibu unachoulizwa tu. Shida ilikuwa kwa wale waliosomea Tanzania, Kenya au Uganda. Nchi hizo zilirithi sheria za Kiingereza, na huko ofisi hudai, pamoja na karatasi ya polisi, maneno yako mwenyewe uliyoyaapia mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kuapisha. Hakuna opeje wa kukuandikia. Ukikosea neno, kosa ni lako.

Watu wa namna hiyo ni wengi Bujumbura. Waliokimbia mwaka 1972 walilea watoto wao Katumba, Mishamo na Ulyankulu, watoto wakasoma shule za Tanzania kwa Kiswahili na Kiingereza, na maelfu wakarudi nyumbani kuanzia mwaka 2008. Mmoja wao nitamwita Mhasibu, kwa sababu ndivyo mtaa mzima ulivyomwita. Alikulia Ulyankulu, akapata stashahada ya uhasibu katika chuo kimoja cha Tanzania mwaka 2004, akarudi na wazazi wake mwaka 2009. Cheti chake alikifungia kwenye sanduku la bati, na sanduku hilo aliliweka kwenye kibanda cha vitenge cha mama yake katika Soko Kuu, kwa kuwa nyumba waliyopanga ilikuwa inavuja na soko lilikuwa na walinzi. Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013, asubuhi, Soko Kuu la Bujumbura liliungua. Wasomaji wa hapa hawahitaji kuelezwa siku ile.

Alikuja kwangu baadaye sana, alipopata nafasi ya kazi iliyomtaka aonyeshe cheti halisi. Mkononi alikuwa na rasimu ambayo mtu mwingine alimwandikia, kurasa mbili zilizojaa. Ilisema amelelewa kwa taabu ukimbizini, amerudi akakuta shamba la babu limechukuliwa, mama yake amefilisika kwa moto, anakiomba chuo kimwonee huruma, na kwamba kwa maoni yake chuo kina wajibu wa kisheria wa kumpa cheti kingine. Mwishoni ilisema: "Cheti changu kiliungua chote."

Nilimwuliza, "Dada, ulikiona kikiungua?"

Akanitazama kama niliyemtukana. "Soko zima liliungua, kaka. Kingesalimikaje?"

Hapo ndipo kazi ilipoanzia. Mwaka 1966 Mahakama Kuu ya Uganda iliamua shauri la Matovu, ambalo wanasheria wa Afrika Mashariki hulikumbuka kwa habari za katiba na mapinduzi. Ndani ya hukumu ile mlikuwa pia na jambo dogo ambalo mahakama za nchi jirani zimelishika mpaka leo: hati ya kiapo hubeba mambo ya hakika tu, yale mwapaji anayoyajua mwenyewe au aliyoambiwa na mtu anayemtaja na kumwamini. Maombi, hoja za kisheria, maoni na hitimisho havina nafasi humo. Ofisi ya msajili wa chuo si mahakama, na hakuna jaji atakayeifuta karatasi ya Mhasibu kwa kosa hilo. Lakini kamishna anayeapisha amefunzwa kwa kanuni hiyohiyo, na karatasi iliyojaa vilio humfanya aanze kuuliza maswali ambayo yule aliyeandika rasimu hakuyafikiria.

Kwa hiyo tulifuta "kiliungua". Anachokijua Mhasibu ni kwamba alikiweka kwenye sanduku, kwamba sanduku lilikuwa kibandani siku ya Jumamosi kibanda kilipofungwa, kwamba soko liliungua kesho yake, na kwamba tangu hapo hajaliona sanduku wala kilichokuwamo. Yote hayo anaweza kuyaapia bila kutetemeka. Kuungua kwenyewe ni hesabu aliyoipiga kichwani, hata kama ni hesabu ya karibu. Walioyaona mambo ya soko lile wanajua kwamba bidhaa na masanduku vilitolewa mbio asubuhi ile, na si vyote vilivyorudi kwa wenyewe. Cheti kilichoteketea hakiwezi kumdhuru mtu, lakini kilichochukuliwa kinaweza kujitokeza siku moja mezani kwa mwajiri kikiwa na picha ya mtu mwingine. Chuo kinapaswa kujua kwamba hilo linawezekana ili kichukue hatua, na ukiapa kwamba kiliungua unakiambia kilale usingizi. Tena kikijitokeza, anayeonekana mwongo ni wewe.

Jambo la pili lilikuwa jina, na hili ndilo lililowakwamisha wateja wangu wengi kuliko moto na mafuriko. Kwetu Burundi mtu hana jina la ukoo. Karangamuntu yake ina jina alilopewa na wazazi na jina la dini, basi. Shule za Tanzania zinataka majina matatu: lako, la baba, la babu. Mtoto wa Ulyankulu aliyeitwa majina mawili nyumbani aliandikishwa shuleni kwa matatu, na cheti kikatoka na hayo matatu. Akirudi Bujumbura, komini inamwandika mawili. Anapokaa kuapa, kitambulisho anachomwonyesha kamishna hakifanani na jina lililo kwenye rejista ya chuo. Wapo waliodhani dawa ni kuapa kwa jina la karangamuntu peke yake, na chuo kikawajibu kwamba hakijawahi kumhitimisha mtu huyo. Wengine waliapa kwa jina la cheti peke yake, na kamishna akawauliza: huyu ni nani, mbona pasipoti inasema mwingine?

Dawa ni kuyaweka yote mawili katika aya ya kwanza, na kusema wazi kwamba ni mtu mmoja na sababu ya tofauti. Haihitajiki hati ya kubadili jina, kwa maana hakuna jina lililobadilishwa. Ni nchi mbili zilizoandika mtu mmoja kwa desturi mbili. Niliona wateja wakitozwa fedha nzuri kwa hati ambayo hawakuihitaji, na nitasema bila kuficha kwamba baadhi ya waliowatoza walijua hivyo.

Tulipomaliza, kurasa mbili zilikuwa ukurasa mmoja. Maneno yalikuwa haya, nikiondoa majina na namba:

"HATI YA KIAPO YA KUPOTELEWA NA CHETI

Mimi, [majina matatu kama yalivyo kwenye cheti], ambaye katika pasipoti ya Burundi namba [...] naitwa [majina mawili], Muislamu, mtu mzima, mkazi wa Buyenzi, Bujumbura, nathibitisha na kueleza kama ifuatavyo:

1. Kwamba majina yote mawili yaliyotajwa hapo juu ni yangu. Tofauti imetokana na shule nilizosoma Tanzania kuniandikisha kwa jina langu moja pamoja na majina ya baba na babu yangu.

2. Kwamba mwaka 2004 nilihitimu Stashahada ya Uhasibu katika Chuo cha [...], kwa namba ya usajili [...], nikapewa cheti namba [...].

3. Kwamba nilikihifadhi cheti hicho katika sanduku la bati ndani ya kibanda cha mama yangu katika Soko Kuu la Bujumbura, na sanduku hilo nililiona mara ya mwisho jioni ya tarehe 26 Januari 2013.

4. Kwamba tarehe 27 Januari 2013 soko hilo liliungua. Tangu siku hiyo sijaliona sanduku hilo wala cheti hicho, na nimekitafuta bila kukipata.

5. Kwamba sijampa, sijamuuzia wala kumwekea rehani mtu yeyote cheti hicho, na hakijazuiwa na mwajiri, shule wala mamlaka yoyote.

6. Kwamba nilitoa taarifa polisi Bujumbura, na atestasyo niliyopewa pamoja na tafsiri yake vimeambatishwa hapa na kuwekwa alama A.

Yote niliyoyaeleza katika aya ya 1 hadi ya 6 ni kweli kwa ufahamu wangu mwenyewe."

Aya ya tano watu huiona kama nyongeza ya urembo. Kwa msajili ndiyo aya anayoisoma kwa makini kuliko zote. Afrika Mashariki nzima kuna watu ambao vyeti vyao havijapotea hata kidogo. Vimelala kwenye droo ya mkopeshaji, au vimeshikwa na shule kwa karo isiyolipwa. Mtu wa namna hiyo akipewa nakala, deni linabaki bila dhamana na chuo kinaingizwa kwenye ugomvi usio wake. Nilikuwa nikifika aya hiyo namtazama mteja usoni. Wapo waliosema, "Hiyo iache kidogo, kaka." Nao sikuwachapia.

Kwenye rasimu ya kwanza palikuwa pia na ahadi kwamba kikipatikana atakirudisha chuoni. Ahadi hiyo ni ya lazima, ila si jambo la hakika, ni neno la kesho, nami niliona mahali pake ni kwenye barua ya maombi. Vipo vyuo ambavyo fomu zao huiweka ndani ya kiapo. Fomu ya mtoaji ikisema hivyo, fuata fomu.

Kuhusu "nathibitisha": Mhasibu ni Muislamu, na katika utaratibu wa Tanzania Mkristo huapa, na asiye Mkristo huthibitisha. Uzito wa kisheria ni uleule, na kusema uongo ndani yake ni kosa la jinai lilelile. Rasimu aliyokuja nayo ilimfanya aape kwa Biblia, kwa kuwa mwandishi alinakili karatasi ya mtu mwingine.

Sasa nani wa kushuhudia. Mhasibu alikuwa tayari ameshapata mihuri: ya mkuu wa mtaa, na barua ya imamu wa msikiti wao inayosema anamjua tangu arudi na ni mtu mwaminifu. Karatasi hizo zina heshima yake, na tuliziambatisha kwenye barua ya maombi. Lakini hakuna hata mmoja kati ya hao wawili aliye na mamlaka ya kuapisha kwa sheria inayokiongoza chuo kile. Watu hufikiri shahidi wa kiapo ni mtu anayeshuhudia kwamba maneno ni kweli, kwa hiyo wanatafuta anayewajua vizuri na kuwapenda. Sivyo. Kamishna wa viapo hajui kama soko liliungua na wala haulizwi. Anachoshuhudia ni kwamba mtu huyu, aliyemtambua, alisimama mbele yake mahali fulani, tarehe fulani, akaapa au akathibitisha, akatia saini mkono wake ukionekana.

Tanzania wenye mamlaka hiyo ni mahakimu, na mawakili ambao ni makamishna wa viapo. Wakili anayekusimamia katika jambo hilohilo, au mwenye maslahi ndani yake, haruhusiwi kukuapisha yeye mwenyewe. Aliye nje ya nchi anao mlango mwingine: ubalozi. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu uhusiano wa kikonseli, katika ibara ya 5, unaitaja kazi ya unoteri miongoni mwa kazi za konseli, mradi sheria za nchi aliyoko hazikatazi. Noteri wa Bujumbura naye anaweza kuthibitisha saini yako, ila hapo ni hiari ya mtoaji kumkubali. Ndiyo maana, kabla ya kumruhusu Mhasibu atumie hata faranga moja, tulikiandikia chuo kuuliza kinamkubali nani. Jibu lilisema: kamishna wa viapo wa Tanzania, au ubalozi. Alichagua Kigoma, kwa kuwa alikuwa na mjomba huko, na basi la kupitia Rumonge na Nyanza-Lac mpaka mpaka wa Mugina na Manyovu alilijua vizuri.

Nilimpa karatasi bila saini. Nilimwonya asiisaini njiani hata askari wa mpakani akimwambia karatasi haijakamilika. Karatasi iliyokwisha kusainiwa kabla ya kufika kwa kamishna ni karatasi iliyokufa, au basi kamishna atakayeipokea hivyo si wa kumwamini.

Chini ya maneno yake niliacha nafasi ya kamishna kujaza, na sehemu hii fupi ndiyo inayoangusha hati nyingi. Sheria ya Tanzania inamtaka kamishna aandike ukweli wa mahali na tarehe kiapo kilipofanyika. Mahakama ya Rufani ya nchi hiyo, katika shauri la D.B. Shapriya dhidi ya Bish International, ilikataa hati ambayo haikuonyesha mahali. Watu wa kwetu walikuwa wakichapa "Bujumbura" hapo kabla ya kusafiri, kwa kuwa hasara ilitokea Bujumbura. Lakini mahali panapotakiwa ni pale ulipoapa. Ukiapa Kigoma, ni Kigoma.

Pia kamishna husema kama anakufahamu binafsi au umetambulishwa kwake na mtu anayemfahamu. Mhasibu alikwenda na mjomba wake, ambaye wakili aliyekuwa kamishna kule Kigoma alikuwa akimfahamu kwa miaka, na mjomba akaandikwa kuwa ndiye aliyemtambulisha. Hapo tu ndipo ndugu anapofaa. Kisha wakili aliandika jina lake, akagonga muhuri, na akatia saini pia juu ya kiambatisho A, ili baadaye mtu asichomoe ile atestasyo na kuweka nyingine. Atestasyo ilikuwa ya Kifaransa, na ilisafiri na tafsiri. Hati yenyewe iliandikwa kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ambayo Mhasibu anaielewa bila mkalimani. Tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, kwa hiyo anayeapa leo asidhani Kiingereza kitampa uzito zaidi.

Kilichotokea chuoni baada ya hapo Mhasibu alinisimulia, kwa kuwa karani wa usajili alikuwa mtu wa kueleza. Watu wengi hudhani hati ya kiapo ndiyo inayothibitisha kwamba ulisoma. Chuo hakihitaji kiapo chako kwa hilo: kina rejista ya wahitimu, kina matokeo, kina orodha ya mahafali. Karani alifungua rejista ya 2004 kwanza, akayakuta yale majina matatu na namba ya usajili, akalinganisha na aya ya pili. Kama hapo pasingelingana, aya nyingine zote zisingesomwa.

Kiapo chenyewe kinatumika kwa namba ya cheti. Msajili, akishika hati ya mtu aliyekubali kushtakiwa ikiwa anasema uongo, ndipo anapata ujasiri wa kuandika kwenye rejista kwamba cheti namba fulani kimeripotiwa kupotea na si halali tena. Kisha likafuata tangazo gazetini, maneno machache ya jina, aina ya cheti, namba na mwaka, na muda wa kusubiri kama kuna atakayejitokeza kukidai au kukirudisha. Hakujitokeza mtu. Cheti kipya kikatoka kikiwa na alama ya kuonyesha kwamba ni nakala, na hati ya kiapo ikabaki kwenye jalada la chuo. Siku mwajiri atakapouliza kuhusu kile cha zamani, jalada hilo ndilo litakalomjibu, na jina la atakayeitwa kujieleza liko hapo chini, mbele ya kamishna, Kigoma.

Mhasibu alinung'unika kwamba amepewa "nakala" ilhali alipata cheti kamili. Nilimwelewa, ila chuo kilikuwa na haki. Vyeti viwili vinavyodai kuwa cha kwanza haviwezi kukaa katika rejista moja. Wapo watoaji wakali zaidi. Baraza la Mitihani la Tanzania, kwa vyeti vya zamani visivyo na picha ya mtahiniwa, hutoa uthibitisho wa matokeo badala ya cheti kingine, na kiapo kizuri namna gani hakibadilishi hilo. Kabla ya kulipia hati yoyote, uliza kwanza mtoaji wako anatoa nini mwishoni.

Na kama cheti chako kimepotea na huna namba yake, usiibuni wala usiiache aya ya pili wazi ujaze baadaye kwa kalamu. Kiandikie chuo, taja majina uliyosomea, mwaka na kozi, uombe namba ya usajili na ya cheti kutoka kwenye rejista yao. Jibu likifika, ndipo ukachape karatasi, na ndipo upande basi.